Siku ya kumalizana: fedha, hati na funguo vifuatane vipi

"Shikamoo mwanasheria. Nanunua nyumba Kibada, Kigamboni. Kiwanja kimepimwa na kina hati. Bei ni milioni 120. Nimeshatoa 20 na mkataba tulisaini mwezi uliopita. Muuzaji anataka Jumamosi tumalizane: nimpe 100 zilizobaki, anipe hati na funguo. Anasema wakili wake anatutosha wote wawili, na kodi atalipa mwenyewe baadaye. Uani kuna vyumba viwili vyenye mpangaji. Siku hiyo nikague nini, nishike karatasi gani, na hela niitoe wakati gani?" (Msomaji wa kike, Dar es Salaam)

Marahaba, dada. La kwanza, ahirisha hiyo Jumamosi. Ofisi za ardhi zinakuwa zimefungwa, na matawi mengi ya benki yanafunga mapema, kwa hiyo jambo lolote likikwama mezani hamtakuwa na pa kulihakiki. Mwombe muuzaji mkutane siku ya kazi, Jumanne au Jumatano, mwanzo wa asubuhi. Akikataa kabisa siku ya kazi bila sababu ya kueleweka, nami ningekataa kumpa fedha mpaka nijue anakimbia nini.

La pili ndilo kubwa kuliko yote. Siku hiyo hutakuwa mmiliki. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na unachonunua wewe ni haki ya kuimiliki kwa miaka iliyobaki kwenye hati. Haki hiyo inahama pale Msajili wa Hati anapoliandika jina lako kwenye daftari lake, na kabla hajafika hapo lazima Kamishna wa Ardhi aidhinishe uhamisho na TRA wathibitishe kwamba kodi imelipwa. Kati ya siku ya kukabidhiana funguo na siku hiyo ya Msajili kuna pengo la wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Katika pengo hilo utakuwa unakaa ndani ya nyumba ambayo daftari bado linasema ni ya mwenzako. Ukishampa milioni 100 zote, yeye hana tena sababu ya kupokea simu yako ukimwambia TRA wanamhitaji.

Kwa hiyo msiende mezani na mkataba wa mwezi uliopita peke yake. Andikeni nyongeza ya mkataba, ukurasa mmoja unatosha, inayosema malipo ya mwisho yanagawanywa: sehemu kubwa inalipwa siku ya makabidhiano, na sehemu inabaki kwenye akaunti ya wateja ya wakili mpaka uhamisho usajiliwe. Kwa nyumba yako ningeshikilia milioni 12. Hesabu yake ni hii. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, na kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Akiwa na kumbukumbu kwamba kununua kiwanja na kujenga kulimgharimu milioni 65, faida ni milioni 55 na kodi ni milioni 5.5. Asipokuwa na kumbukumbu za gharama, sheria inamtoza asilimia 3 ya bei, yaani milioni 3.6, na kama thamani iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali ni kubwa kuliko bei yenu, asilimia hiyo inapigwa kwenye hiyo thamani. Kuna msamaha kwa aliyeimiliki na kuishi kwenye nyumba hiyo miaka 3 au zaidi, ila faida isizidi milioni 15, na yeye kwa hesabu hii hataupata. Milioni 12 zinafunika kodi yake kwa namna yoyote, na zinabaki nyingine za kumfanya aitikie akiitwa. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema "nitalipa baadaye" ni ahadi ambayo gharama yake, ikivunjwa, unaibeba wewe, kwa sababu Msajili hatahamisha jina bila uthibitisho wa kodi.

Ndiyo maana pia wakili wake hakutoshi. Huyo anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini siku wewe na muuzaji mtakapotofautiana juu ya zile milioni 12, atakuwa anamtumikia nani? Weka wakili wako, hata kama ni kwa siku hiyo na ufuatiliaji wa usajili tu. Huyo ndiye ashike fedha iliyobaki na hati halisi, naye aandike barua kwa wakili wa muuzaji kwamba hataziachia isipokuwa kwa masharti ya nyongeza. Wauzaji wengi hulainika wakiona barua hiyo, maana inawalinda na wao: fedha ipo, imetengwa, na mnunuzi hawezi kuirudisha mfukoni kimyakimya.

Sasa siku yenyewe. Ianzie kwenye nyumba, si ofisini. Ukienda kwa wakili kwanza ukasaini, ukaguzi unakuwa matembezi tu, huna tena la kumwambia muuzaji.

Fika na mkataba mkononi, na muuzaji awepo. Anzia nje, kwenye bikoni. Chukua nakala ya ramani ya upimaji, tafuta bikoni zote za kiwanja, na usome namba zilizoandikwa juu yake. Zinatakiwa zilingane na namba za kwenye ramani. Bikoni ni nguzo fupi ya zege iliyofukiwa mpaka shingoni, kwa hiyo beba jembe na brashi ya kusugulia, maana nyingi zimefunikwa na mchanga au na ukuta wa jirani. Ukikosa moja, hilo si la kupuuza. Ukuta uliojengwa mita moja ndani ya eneo la barabara unaonekana kama ukuta mwingine wowote mpaka siku ya kuwekewa alama ya bomoa. Kama bikoni haionekani, mpima ardhi aliyesajiliwa airudishie kabla hamjamalizana, na gharama iwe ya muuzaji.

Ndani, angalia vile ambavyo mkataba unasema vinabaki. Simtanki na pampu yake, viyoyozi, makabati ya jikoni, nyavu za madirisha, taa, hita ya maji bafuni: hivi ndivyo vinavyoondoka usiku wa kuamkia siku ya makabidhiano. Fungua mabomba yote kwa wakati mmoja, uache maji yatiririke dakika kadhaa, kisha uende nje ukaangalie karo na shimo la maji taka. Shimo lililojaa halijulikani kwa kuvuta choo mara moja. Washa kila taa na kila soketi kwa chaja ya simu. Piga picha. Ukikuta upungufu, usigombane. Uandikwe na upewe bei hapo hapo, fedha hiyo ipungue kwenye malipo ya siku hiyo.

Mpangaji wa uani naye ni sehemu ya ukaguzi. Ongea naye mwenyewe, muuzaji akiwepo, uone mkataba wake na risiti. Kuuzwa kwa nyumba hakumwondoi mtu aliyelipa kodi yake. Unampokea pamoja na miezi aliyolipia. Tuseme analipa 150,000 kwa mwezi na amelipa mpaka miezi mitatu mbele. Hiyo ni 450,000 ambayo muuzaji ameshaipokea kwa ajili ya siku ambazo nyumba itakuwa mikononi mwako, kwa hiyo itoke kwenye malipo yako. Kama aliweka fedha ya dhamana ya uharibifu, nayo ihamie kwako kwa maandishi. Na kama kuna mlinzi, hakikisha muuzaji amemlipa mpaka siku hiyo na mmekubaliana naye kama anaendelea au la. Mlinzi aliyedhulumiwa mshahara anajua kila udhaifu wa geti lako.

Mkiwa bado hapo nyumbani, malizeni umeme na maji, kwa sababu mita ziko pale. Soma namba ya mita ya LUKU kwenye mita yenyewe, tarakimu 11, uilinganishe na namba iliyo kwenye ujumbe wa mwisho wa manunuzi ya muuzaji. Angalia sili za mita kama hazijakatwa. Mita iliyochezewa ni tatizo litakaloangukia aliyemo ndani siku TANESCO watakapokuja kukagua, kwa hiyo piga picha ya sili na ya salio la yuniti. Kisha nunua umeme kidogo palepale, hata wa 10,000, uingize zile tarakimu 20 na usome risiti mstari kwa mstari. Utaona VAT, EWURA, REA na kodi ya majengo. Kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida ya chini ni 1,500 kwa mwezi na inakatwa kupitia LUKU, hivyo nyumba iliyokaa tupu miezi mitano ina 7,500 zinazosubiri manunuzi yajayo. Hiyo ni fedha ndogo. Linalostahili kukushtua ni kukuta deni la umeme lenyewe limefungwa kwenye mita na linakatwa kila unaponunua. Hilo muuzaji alilipe kabla hamjaondoka.

Kwa maji, piga picha ya dira, muuzaji alipe bili ya DAWASA mpaka kwenye usomaji huo, na akupe risiti pamoja na namba ya akaunti. Deni la maji linafuata akaunti ya nyumba, na ukienda kuomba jina libadilishwe wakati kuna deni, utaambiwa ulimalize kwanza. Barua mbili fupi za muuzaji, moja kwa TANESCO na moja kwa DAWASA, zinazosema ameuza na anaomba huduma zihamie kwako, zisainiwe siku hiyo hiyo. Ukizikumbuka mwezi ujao atakuwa Mwanza au Muscat.

Baada ya nyumba, mwende kwa wakili. Mezani kitu cha kwanza kuangaliwa ni matokeo ya upekuzi kwenye ofisi ya Msajili. Najua mlifanya upekuzi kabla ya mkataba. Huo umeshazeeka. Ndani ya mwezi mmoja mtu anaweza kuweka hati rehani kwa mkopo, au ndugu akaweka zuio. Wakili wako achukue upekuzi mpya siku moja au mbili kabla, na matokeo yawe mbele yenu pamoja na hati halisi. Linganisha jina, namba ya hati, kiwanja na kitalu, herufi kwa herufi. Tena, kwa kuwa una mkataba uliosainiwa na umeshalipa milioni 20, una maslahi ya kutosha kuweka zuio lako mwenyewe kwa Msajili. Liombe leo, usingoje siku ya kumalizana, libaki pale mpaka uhamisho wako utakapoingia.

Kisha mwenzi wake wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililo kwenye hati ni la mmoja tu. Mke au mume aje mwenyewe na kitambulisho chake cha NIDA, asaini ridhaa mbele ya wakili. Ridhaa iliyosainiwa "jana nyumbani" haina maana kwako. Akisema hana ndoa, aape kiapo cha maandishi kwamba hana. Kiapo nacho usikitegemee peke yake: ulipokuwa unaongea na mpangaji na majirani asubuhi, bila shaka ulisikia kama kuna mama mwenye nyumba. Kesi za mke kujitokeza baada ya mauzo ni za kawaida mno mahakamani, na mara nyingi mtaa mzima ulikuwa unamjua.

Fomu za ardhi zisainiwe zote kwa kikao kimoja: Fomu namba 29 ya kutoa taarifa ya uhamisho, namba 30 ya kuomba kibali chake, na namba 35 ya uhamisho wenyewe, kila moja kwa nakala za kutosha, zenye picha, mhuri na saini ya wakili aliyeshuhudia. Zikae pamoja na nakala za NIDA na TIN za pande zote mbili, ripoti ya uthamini, na risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka wa fedha uliopo. Mwaka huo unaanza Julai, kwa hiyo mkimalizana Agosti, risiti ya Mei haikusaidii. Usikubali "nimelipa, risiti iko nyumbani". Iwe ni stakabadhi ya serikali yenye namba ya kumbukumbu ya malipo inayoweza kuhakikiwa. Chukua pia kibali cha ujenzi na michoro ya nyumba kama anavyo. Ukija kutaka kuongeza chumba au kukopa benki, utaulizwa.

Fedha inatoka hapo, wakati karatasi zote zimesainiwa na hati halisi iko mkononi mwa wakili wako, kabla funguo hazijabadilisha mikono. Kwa mfano wetu: milioni 100, toa 12 zinazobaki kwa wakili, toa 450,000 za mpangaji, unabaki na 87,550,000 za kumlipa muuzaji. Usibebe noti. Fanya uhamisho wa benki kwa njia ya TISS, inayomfikishia fedha siku hiyo hiyo, ndiyo sababu nimesema muanze asubuhi. Akaunti ya kupokea iwe ya jina lilelile lililo kwenye hati na kwenye mkataba. Akisema upeleke kwa kaka yake, kwa kampuni yake au kwa dalali "kwa sababu akaunti yangu ina shida", simama. Malipo kwa mtu wa tatu ndiyo mwanzo wa kuambiwa mahakamani kwamba muuzaji hakulipwa. Na kama bei yenu ilitajwa kwa dola kwenye mazungumzo, mlipane kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Kwenye sehemu ya maelezo ya fomu ya benki andika jambo linaloeleweka baada ya miaka 10: "malipo ya mwisho, Kiwanja Na. fulani, Kitalu fulani, Kibada". Omba nakala ya fomu yenye mhuri wa benki na namba ya kumbukumbu. Picha ya skrini ya simu si uthibitisho, na muuzaji naye asikubali ujumbe wa simu; apige benki yake au aangalie salio mwenyewe. Fedha ikionekana, asaini hati ya kukiri kupokea inayotaja milioni 20 za mwanzo, hizi 87,550,000, na makato ya 450,000, na kueleza kwamba milioni 12 ziko kwa wakili kwa sharti gani. Mwenzi wake na shahidi wako wasaini pia. Usiitupe hata moja kati ya karatasi hizi: siku wewe utakapouza, hizi pamoja na risiti za ushuru wa stempu na za ukarabati ndizo gharama utakazowaonyesha TRA ili faida yako ihesabiwe kwa haki.

Ndipo funguo. Zihesabiwe na ziandikwe kwenye hati ya makabidhiano: geti, mlango wa mbele, wa jikoni, kila chumba, makufuli ya banda la uani, rimoti kama ipo, pamoja na usomaji wa mita zote mbili, tarehe na saa. Saa ina maana, kwa sababu chochote kitakachovunjika au kuibwa baada ya hapo ni chako. Fundi wa vitasa awe anakungoja nyumbani jioni ile ile. Huwezi kujua mafundi, wapangaji wa zamani na ndugu wangapi wana nakala.

Kesho yake kazi inahamia kwenye pengo nililolisema mwanzo. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani, kwenu kama milioni 1.2, ni wa kwako na ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Wakili apeleke fomu, muuzaji alipe kodi yake au wakili ailipe kutoka kwenye zile milioni 12 kama nyongeza inavyoruhusu, na kila hatua upewe nakala ya risiti. Ukiambiwa usajili umekamilika, usiachie kilichobaki kwa maneno. Fanya upekuzi mwingine, wa tatu huo, na jina litakalosomeka liwe lako, bila rehani wala zuio la mtu mwingine. Karatasi hiyo ikiwa mkononi, mwambie wakili amlipe muuzaji salio lake siku hiyo hiyo.